Mgonjwa alitulia bila sindano, sasa mkuu wangu wa zamu amenuna

Assalamu alaykum mhariri, na wasomaji nyote.

Mimi ni nesi, niko Pemba. Nilikuwa wodi ya wazazi kwa muda mrefu, kisha nikahamishiwa wodi ya wagonjwa wa akili. Hospitali siitaji, na mgonjwa nitamwita Kombo, ambalo si jina lake; akina Kombo huku kwetu ni wengi, hatojulikana. Shida yangu ni baina yangu na dada mkubwa wa zamu, lakini hamtoifahamu nisipokuelezeni kwanza usiku wenyewe ulivyokwenda.

Ulikuwa usiku wangu wa kwanza katika wodi hiyo. Tulikuwa dada mkubwa, mimi na mhudumu mmoja wa kiume, na mlinzi nje. Wakati wa kupokezana zamu tuliambiwa juu ya Kombo kwamba ni msumbufu, tumchunge. Basi, hapana zaidi. Nikachukua chati yake nikaisoma mwenyewe. Ni kijana mvuvi, aliingia siku 3 nyuma akiwa halali, anasikia sauti na anawashuku jirani zake. Ameandikiwa haloperidoli ya sindano, miligramu 5, na nyingine ya kuongezwa akichachamaa. Nikaona kwamba kila alipoanza kuzungukazunguka wodini ile ya kuongezwa ilitolewa. Ya mwisho alipigwa magharibi ile ile.

Kwenye saa 8 usiku nikamsikia anatembea. Alikwenda mpaka dirishani, akarudi mlangoni, akakaa kitandani kidogo tu, akainuka tena. Hatua zikawa za kasi. Mhudumu alimwambia akalale, hakujibu, akamkodolea macho, na ngumi zikakunjika. Mhudumu akamwambia tena, kwa sauti ya juu zaidi. Hapo Kombo akanyakua kiti cha plastiki akakiinua, akapiga kelele afunguliwe mlango, anataka kwenda kwao.

Wagonjwa wengine wakaamka. Mmoja akaanza kucheka, mwengine kulia. Dada mkubwa akaingia chumba cha dawa kuvuta sindano. Mimi ndiye niliyekuwa karibu.

Kwanza nilimwomba mhudumu aache kusema na awatoe wengine awapeleke upande wa pili wa wodi. Mtu aliyepandwa na hasira akisemeshwa na wawili hasikii hata mmoja, na akiwa na watazamaji ni taabu kwake kushusha kiti bila kuona haya. Mlinzi nilimwashiria asimame nje ya mlango, karibu lakini asionekane. Ncha za mtandio wangu nilizichomeka ndani ya koti mapema, tangu naingia zamu, na mkasi na kalamu nilivitoa mfukoni. Wenzangu mnaovaa mtandio mnajua ukiachwa unaning'inia ni kamba ya kushikwa.

Nikasimama kwa upande kidogo, si kifua kwa kifua, mikono wazi usawa wa tumbo aione. Baina yetu niliacha nafasi ya mikono miwili iliyonyooshwa, nikazidisha kwa sababu ya kiti. Mlango sikuuzuia. Mgonjwa akiona njia imezibwa atapita juu yako, na wewe nawe usiende ukajibana kwenye kona. Basi nilisimama ubavuni mwa mlango, pande zote mbili tukiwa na pa kutokea.

Nikamtolea salamu. Hakuitikia. Nikasema, "Mimi ni nesi wa zamu ya usiku. Sikuji karibu. Nataka kujua unasumbuliwa na nini." Nikanyamaza. Akatukana. Nikahesabu kimoyomoyo mpaka kumi, kisha nikarudia maneno yale yale, kwa sauti ya chini kuliko yake. Kurudia si ubishi. Mtu katika hali ile hukamata neno moja kati ya matano, na ukibadilisha maneno kila mara anaanza upya kukufahamu.

Mara ya tatu akajibu. "Miguu! Miguu yangu inaungua! Nikikaa nataka kusimama, nikisimama siwezi kutulia. Jirani kanitilia jini miguuni!"

Nilikumbuka chati. Haloperidoli inaweza kumletea mtu hali ambayo skulini tulifundishwa kuiita akathisia: mwili hautulii, na hasa miguuni mtu huhisi msukumo wa ndani usiomwacha akae. Kwa macho inafanana sana na fujo za maradhi yenyewe. Ukimwona anazunguka ukamwongezea haloperidoli, huenda akazunguka zaidi, na hiyo ndiyo hatari yake. Tofauti aliitaja mwenyewe: anataka kutulia na miguu ndiyo inayomkatalia. Mwenye fujo za maradhi kwa kawaida halalamikii kuzunguka kwake. Yeye anakwenda mahali, ana jambo lake.

Juu ya jini sikubishana naye, wala sikuitikia. Huku kwetu jambo la majini si la kuchekwa, na ningelimwambia hakuna jini ningelikuwa mtu mwengine tena asiyemwamini. Nilisema, "Ya jirani siyajui. Najua miguu inakutesa, nakuamini. Na najua kuna dawa unayopigwa inayoweza kuifanya miguu hivyo. Nataka nimpigie daktari simu usiku huu huu." Akanitazama kwa mara ya kwanza.

Kisha nikaweka mpaka. "Kombo, hicho kiti kikirushwa mtu ataumia, na hilo hatuliruhusu hapa. Kiweke chini, mimi nabaki hapa hapa." Sikumwambia "la sivyo tutakufunga". Kitisho kinamlazimisha mwanamme aonyeshe kuwa haogopi. Nikampa la kuchagua, na yote mawili yalikuwa kweli yanawezekana: tutembee pamoja kwenye ukumbi mpaka daktari apokee simu, au akae kwenye benchi la karibu na mlango, nami nimpe maji. Mlango wa nje sikumwahidi, kwa kuwa nisingeweza kuufungua.

Alisita. Hapo ndipo wengi tunapoharibu, tunajaza kimya kwa maneno. Nikanyamaza tena. Akakiweka kiti, akakisukuma kwa mguu, akasema tutembee. Tangu salamu mpaka hapo sidhani kama ilifika robo saa.

Tukatembea, mhudumu nyuma kwa mbali. Nilipompigia daktari wa zamu sikumwambia mgonjwa ana fujo. Nilimsomea sindano alizopigwa na saa zake, na maneno ya Kombo kama alivyoyasema. Akaniagiza nipime kwanza. Joto 36.8, sukari 5.6, presha na mapigo ya moyo sawa, mikono haikukakamaa. Joto kali pamoja na mwili kukakamaa lingekuwa jambo jengine la hatari kubwa, na sukari iliyoshuka nayo humtoa mtu akili. Akauliza kama ana pumu. Hana. Akasimamisha haloperidoli mpaka amwone asubuhi, akaandika propranololi ya kumeza miligramu 10 na diazepamu ya kumeza miligramu 5. Swali la pumu na mapigo lilikuwa kwa ajili ya hiyo propranololi, maana mwenye pumu hapewi, na mwenye moyo unaokwenda polepole pia. Kombo akameza mwenyewe kwa maji. Kabla ya alfajiri alikuwa amelala, na asubuhi daktari akampunguzia dozi.

Sasa ndiyo shida. Muda wote huo dada mkubwa alikuwa amesimama na sindano mbili zilizokwisha vutwa, na moja ilikuwa haloperidoli. Hakuniingilia, na namshukuru. Lakini asubuhi, mbele ya wanaoingia zamu, akasema: "Huyu mwenzenu kambembeleza mgonjwa. Kesho kila mtu atainua kiti ili atembezwe ukumbini." Kwenye kitabu cha ripoti aliandika kwamba mgonjwa alifanya fujo usiku, akapewa dawa, akalala. Habari ya miguu haimo. Wa zamu inayofuata wakisoma vile, na Kombo akizunguka tena, watamfanya nini?

Nataka nimtendee haki dada yangu huyu. Yeye mwenyewe aliwahi kuvunjwa mkono na mgonjwa, mkono huo mpaka leo haunyooki vyema. Anasema wodi ina watu wachache, na nikisimama robo saa na mmoja, waliobaki anawatazama nani? Hapo hakosei. Wala mimi sisemi sindano haina pahala pake. Kiti kingelirushwa, au Kombo angelinijia nacho baada ya kuwekewa mpaka, ningelitoka nje nikaita watu, na kushikwa kungefanywa na wa kutosha, kila mmoja akijua anashika wapi, wala hapana wa kumkalia kifuani wala kumlaza kifudifudi. Kisha ndiyo sindano, tena si haloperidoli kwa mtu huyu, na baada yake kumpima pumzi, mapigo na presha kila dakika 15 kwa saa ya kwanza. Tunalogombana ni kwamba yeye anaiona sindano ndiyo mwanzo.

Huyu ni mkubwa wangu kwa umri na kwa kazi. Alinipokea vizuri, na mama yake na mama yangu ni watu wa mtaa mmoja. Tumepangwa zamu pamoja mwezi mzima ujao. Tangu siku ile ananiitikia salamu na kuondoka.

Mimi niliongeza ya miguu kwenye faili la Kombo, kwa kalamu yangu na sahihi yangu, kwa hiyo daktari anayo. Kitabu cha ripoti sikukigusa, kwani ni mwandiko wake. Nimefikiria kumwendea kwao jioni tuzungumze wawili, nisimtaje Kombo kabisa, nimwombe tu anifundishe namna anavyogawa watu wodi ikichafuka, kisha hapo nimwombe tukubaliane mambo mawili: kwamba kabla ya sindano ya kuongezwa mmoja wetu amuulize mgonjwa habari ya miguu na kutulia, na kwamba kwenye ripoti tuandike alichofanya na alichosema. Shoga yangu mmoja anaona huko ni kuzunguka mbuyu, niende moja kwa moja kwa mkuu wa wodi. Naogopa nikifanya hivyo atahisi nimemshitaki, na usiku kiti kikiinuliwa tena nitamhitaji asimame nyuma yangu kama alivyosimama.

Nyinyi mliokuwa wakuu wa zamu, hasa mliowahi kuumizwa na mgonjwa: nesi mgeni akikujieni na maneno haya, angeyaanza vipi mkamsikiliza? Na lile la kitabu, nilitengeneze vipi bila kumfedhehesha?

Nesi wa zamu ya usiku,
Pemba