Ondoeni asilimia 18 ya nini, Mhariri?

Mhariri,

Nimesoma gazeti lako kwa miaka kumi na tisa bila kukuandikia, na ningenyamaza hadi kufa kama si ile makala yenu ya kuwafundisha watu kusoma risiti. Unaikumbuka. Mliandika kwamba ukitaka bei kabla ya VAT, chukua jumla, toa asilimia 18, basi. Yaani basi!

Mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu cha akina mama. Tunajenga vyoo viwili vya shule, na mfadhili amekubali kurudisha bei ya vifaa peke yake. Kodi tunaibeba wenyewe. Tulinunua mifuko 20 ya saruji, kila mmoja 17,700, jumla 354,000. Kijana aliyetumwa dukani akapiga picha risiti na kunirushia kwenye simu. Picha yenyewe ilikuwa na kivuli cha kidole chake, tena kimekaa palepale kwenye mistari ya bei bila kodi na kodi. Kilichosomeka ni jumla ya chini tu. Risiti halisi aliiweka mfukoni, ikakaa na jasho juani, na karatasi hizo zinavyojulikana, nilipoipata ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kijijini.

Binti anayetusaidia hesabu akasema tusihangaike, gazeti limeeleza. Akazidisha 354,000 kwa asilimia 18, akapata 63,720, akaitoa, akaandika 290,280. Nilikuwa nauguza mjukuu, nikasaini bila kuangalia. Mfadhili naye akalipa vilevile tulivyoandika. Mwisho wa mwezi nikakaa na daftari, nikaona haviungani. Chukua hiyo 290,280, uiongezee asilimia 18 yake: unapata 342,530, wala si 354,000 tuliyolipa. Zile nyingine zimeenda wapi? Hazikwenda popote, Mhariri, hazikuwahi kuwepo. Mwenye duka hakukata asilimia 18 ya jumla. Alianza na bei yake, 15,000 kwa mfuko, akaipandishia asilimia 18. Kwa hiyo jumla ni 118 kwa kila 100 ya bei yake, na ukitaka kurudi nyuma unagawa kwa 1.18: 354,000 inarudi kuwa 300,000, na kodi ni 54,000. Kikundi kimepunjwa shilingi 9,720 kwa ujuzi wenu, na mfadhili ameshafunga faili. Pesa hiyo nimeitoa kwenye mauzo yangu ya maandazi.

Na kabla hamjakimbilia kuchapisha "gawa kwa 1.18" kwa kila kitu, ngojeni. Siku ya mafundi tulinunua chakula: maharage ya 30,000, na sabuni na soda za 23,600. Jumla 53,600. Maharage makavu hayana VAT, ndiyo maana herufi iliyo pembeni ya bei yake haikuwa ile ya sabuni. Unagawa 23,600 peke yake, unapata 20,000, kisha unarudishia maharage yako: 50,000. Ukiigawa jumla nzima utapata 45,424, na hapo mfadhili ndiye atakayekushukuru. Lakini herufi zenyewe uzione, maana watu wanapiga picha risiti kama wanapiga picha ya mwizi anayekimbia.

Halafu kuna hawa wa "mama, bei ya risiti au bila risiti?" Wiki iliyopita duka moja la misumari liliniongezea bei kwa sababu nataka risiti. Nikalipa. Risiti ikaja haina namba ya VRN, mstari wa kodi sifuri! Huyo hajasajiliwa VAT, kwa hiyo hapo hakuna cha kugawa. Jumla ndiyo bei. Sasa ile nyongeza aliniongezea ya nini? Nilimuuliza, akaanza kuhudumia mteja mwingine.

Ninachoomba ni kidogo. Ukurasa wa kwanza, pale mnapowekaga tangazo la bahati nasibu, chapeni kwa herufi zilezile kubwa: KODI NI JUMLA GAWA KWA 59 ZIDISHA KWA 9. Jaribuni wenyewe hapo ofisini: 354,000 kwa 59 ni 6,000, mara 9 ni 54,000. Chini yake muandike kwa ndogo kwamba ni kwa vitu vya asilimia 18 tu, na kwamba kidole kikiziba mistari, namba ya uhakiki iliyo kwenye risiti pamoja na saa ya mauzo mtu anaweza kuziingiza verify.tra.go.tz akaisoma risiti yake nzima. Ningelijua hilo mapema nisingekuwa nakuandikia.

Ile 9,720 mnaweza kuileta kwa bodaboda. Nauli yake nitalipa mimi, ila aje na risiti.

Mweka hazina aliyechoka,
Morogoro