Jumamosi utakapoonana na wanawe

Somo yangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikicheka peke yangu, maana wasiwasi wako ndio uleule niliokuwa nao mimi. Jumamosi unakutana na watoto wa mwenzio kwa mara ya kwanza, na umeniuliza uvae nini, ubebe nini na uwaambie nini. Hayo tuyamalize upesi: vaa nguo unayoweza kukalia chini, usibebe zawadi kubwa, na sema machache. Kilichonifanya nishike kalamu ni lile ambalo hukuuliza, yaani ukifika hapo utazame nini.

Mimi siku yangu ya kuonana na watoto wa mwenzangu nilikwenda na macho ya mtu aliyeitwa kwenye usaili wa kazi. Nilitaka kujua kitu kimoja tu: wamenipenda au hawakunipenda? Binti alikuwa na miaka kumi na mmoja, mdogo wake sita. Binti alinipokea vizuri mno. Alinisalimu kwa heshima, akaniuliza kama nimechoka na safari, akapokea zawadi kwa mikono miwili na kushukuru. Mdogo hazikupita dakika kumi alikuwa keshanipanda mapajani ananihesabia meno yaliyomtoka. Nilirudi nyumbani nimejaa furaha, nikakwambia hata wewe kwamba mambo yameiva. Kumbe nilikuwa nimetazama adabu, na adabu ya mtoto aliyelelewa vizuri haikwambii lolote juu ya moyo wake. Inakwambia tu kwamba ameagizwa.

Kulikuwa na jambo lililotokea mbele ya macho yangu ambalo lingenieleza yote, nikalipita. Tulikuwa bustanini. Mdogo alikimbilia mpira, akajikwaa, akaanguka kwa goti na kuchubuka. Alipoinuka alikuwa tayari analia, na hakumkimbilia baba yake aliyekuwa karibu naye zaidi. Alimkimbilia dada yake. Baba mtu akacheka kidogo, akasema, "Nenda kwa anti akufute." Mimi nikaona nimepewa heshima, nikafungua mkoba natafuta kitambaa. Nilipoinua kichwa, binti alikuwa keshapiga magoti, anamwagia jeraha maji ya chupa yake, anapuliza, na leso yake mwenyewe ameikunja pembetatu tayari kufunga. Hakunitazama. Alifanya yote haraka, bila papara, kama mtu aliyekwisha kuyafanya mara mia.

Sasa yasome hayo pamoja nami, kwa sababu huenda nawe Jumamosi ukayaona kwa sura nyingine. La kwanza, yule binti alikuwa na kazi. Tangu wazazi wao waachane, katika zile siku wanazokaa kwa baba, yeye ndiye aliyekuwa akimwamsha mdogo wake, akimtafutia soksi, akijua anaogopa giza na taa ipi iachwe ikiwaka. Hakuna aliyemtuma. Pengo lilikuwepo, naye akalijaza. Mtoto wa namna hiyo akimwona mwanamke mgeni anaingia, haoni msaidizi. Anaona mtu aliyekuja kumpokonya cheo, na cheo hicho ndicho kilichokuwa kimemshikilia asianguke. Ndiyo maana baadaye, kila nilipomsaidia yule mdogo kwa nia njema kabisa, dada alizidi kuwa baridi, na mimi nikazidi kusaidia. Ilinichukua karibu mwaka kugundua kwamba wema wangu ndio uliokuwa ukimuumiza. Dawa yake ilikuwa kumwuliza: "Mwenzio huwa analala na taa au gizani?" Akinijibu, nafanya kama alivyosema. Wahenga walisema mtoto wa mwenzio mkubwa mwenzio. Huyo wangu alikuwa mkubwa kweli, kwa lazima.

La pili, ambalo ni zito zaidi, linamhusu baba. "Nenda kwa anti akufute." Kwa maneno hayo manne alikuwa amenikabidhi kazi yake mwenyewe, kwa watoto aliowazaa, saa moja tangu wanione. Hakuwa mtu mbaya, na mpaka leo si mtu mbaya. Alikuwa amechoka na alitamani sana picha ya familia iliyokamilika. Lakini miezi sita baadaye nilijikuta ndiye ninayewaambia wakalale, wazime televisheni, wamalize kazi za shule, na yeye amekaa pembeni anakuwa baba mzuri wa kucheza nao. Mimi nikawa yule mkali. Ugomvi wetu mkubwa wa mwanzo wote ulitoka hapo, na mbegu yake niliiona bustanini nikaidhania ua.

Kwa hiyo Jumamosi, macho yako yasigande kwa watoto. Mtazame yeye. Mtoto akikujibu mkato au akikupa mgongo, na mmoja wao huenda akafanya hivyo, angalia baba anafanya nini katika zile sekunde mbili tatu za kwanza. Kuna anayemkemea mtoto papo hapo ili wewe usiudhike. Huyo siku hiyo anakulinda wewe, na mtoto anaandika deni kwa jina lako. Kuna anayejifanya hakusikia, anakuachia wewe uhangaike. Na kuna anayeweka mkono begani mwa mtoto, anamwambia kwa sauti ya kawaida kwamba anajua leo ni siku ngumu lakini matusi hayaruhusiwi, kisha mazungumzo yanaendelea. Huyo wa tatu mshike. Amesimama katikati bila kumwacha mtoto wala kukuacha wewe, na hapo katikati ndipo atakapohitajika kusimama kwa miaka.

Sikuandikii "miaka" kwa kukutisha. Mwanasaikolojia mmoja Mmarekani, Patricia Papernow, ambaye amefanya kazi na familia za kambo kwa muda mrefu, anasema kwamba hata zinazokwenda vizuri huchukua miaka kadhaa kutulia, si miezi. Pia wanaoifahamu kazi hiyo hushauri jambo moja ambalo ningelijua mapema ningejiokoa: mwanzoni nidhamu ibaki mikononi mwa mzazi aliyewazaa, na wewe uwe mtu mzima wa kirafiki, kama vile jamaa anayewaangalia mzazi akiwa hayupo. Sheria ni za baba. Wewe unazikumbusha tu.

Kitu kingine cha kutegea sikio ni jina la mama yao. Si lazima litajwe, ila watoto wadogo hawajui kulizunguka. Yule wangu alisema, "Mama anajua kupiga mluzi kwa vidole viwili," halafu akamtazama baba yake kabla hajamaliza pumzi. Mtazamo ule! Ulikuwa unauliza kama neno hilo linaruhusiwa. Mtoto akimtaja mama yake na kuendelea kucheza, nyumba hiyo ina hewa. Akinyamaza ghafla na kupima uso wa baba, ujue kuna mlango umefungwa ndani na wao ndio wanaoulinda. Wewe mjibu kama ungejibu habari yoyote: "Vidole viwili? Mimi wala kimoja siwezi." Basi. Usimsifu mama kupita kiasi, watakushtukia, na usibadilishe mada.

Vilevile mwombe mwenzio mapema asikutambulishe kwa cheo. Wangu aliniita "mama mdogo" mbele yao, akidhani anaifanya iwe nyepesi. Mdogo hakujali. Dada yake alijua neno hilo lina maana gani, na tangu hapo mpaka tunaagana hakuniita kwa lolote. Jina lako linatosha, au "anti" kama ndivyo wanavyowaita rafiki za baba yao.

Kuna alama moja ambayo nikiiona ningerudi nyumbani na kufikiri upya kabisa, wala si kuhusu watoto. Baba akipandisha sauti kidogo tu, labda mtoto amemwaga kitu, tazama miili yao. Mtoto anayeogopa kuadhibiwa kwa haki hununa, hujitetea, hulia. Mtoto anayemwogopa mtu hukakamaa, pumzi humkata, na ndugu zake nao hunyamaza kwa pamoja kama taa zilizozimwa. Mwanamume anaweza kuficha hasira kwako mwaka mzima. Miili ya watoto wake haijui kuficha. Sidhani utaliona hilo kwa huyu wako, lakini uliniomba nikutazamie kama dada, na dada hawezi kuliruka.

Hayo mengine usiyape uzito. Mtoto kuwa kimya huenda ni usingizi. Mtoto kukukumbatia upesi huenda ni tabia yake kwa kila mtu, hata fundi anayekuja kuziba bomba. Mkutano wa kwanza haukupi jibu la kama mtapendana, kwa hiyo usilisake. Fanyeni ufupi: saa moja, moja na nusu, mahali pasipo kwao wala kwako, na pawe na kitu cha kufanya kwa mikono au miguu. Watoto huzungumza wakiwa bega kwa bega na mtu, wote mnatazama mpira au vipande vya fumbo. Ukiwakalisha mezani wakutazame usoni, utapata usaili niliokwenda mimi. Uwe wa kwanza kuondoka, wakati bado wanafurahi. Na usimshike baba yao mkono siku hiyo, utakufa?

Kisha subiri. Usiku ule wa bustani, yule mdogo aliyenihesabia meno alikojoa kitandani, jambo ambalo hakulifanya kwa miaka miwili, akalia anamtaka mama yake. Nilipoambiwa niliumia, nikadhani nimemkosea. Hakuna nilichomkosea. Alifurahi na mimi, na giza lilipoingia akahisi kwamba kwa kufurahi amemsaliti mama yake. Mara nyingi siku nzuri ndiyo inayozaa usiku mbaya. Kwa hiyo kesho yake usimpigie baba yao simu kuuliza kama wamekupenda. Muulize wamelalaje, na sikiliza kama anajua. Baba anayejibu "Wako salama tu" huenda hakuwatazama. Anayekwambia kwamba mkubwa aliamka saa tisa akanywa maji akakaa sebuleni, naye akaenda kukaa naye, huyo nitamwandalia kiti mwenyewe.

Binti yangu, naona nimemwita hivyo bila kufikiri, sasa ana miaka kumi na saba. Juzi aliniazima leso, akairudisha imekunjwa pembetatu. Nilimwuliza kama anakumbuka siku ile ya goti. Akasema anakumbuka, na kwamba alikuwa ameomba Mungu nisipate kitambaa mkobani.

Niandikie Jumapili, hata kama umechoka. Uniambie mtoto alipoumia au kukwama, alimkimbilia nani.

Somo yako