YAH: MALALAMIKO KUHUSU MCHANGANUO WA GHARAMA NA FIDIA YA BILAURI

Kwa Meneja, Idara ya Uondoaji Mizigo,
Dar es Salaam.

Tunalalamikia karatasi ya mchanganuo mliyotupa kwa mzigo wetu wa bilauri 2,400 (makasha 50) kutoka Guangzhou. Mliandika kuwa kila bilauri imetugharimu shilingi 2,550 hadi ghalani. Tukapanga bei ya jumla 2,700. Baadaye ikaja ankara ya pili ya 240,000, eti "nyongeza ya forodha".

Hakukuwa na nyongeza yoyote. Mlikokotoa ushuru wa asilimia 25 kwenye bei ya kununulia peke yake, 3,600,000, mkapata 900,000. Kwa mzigo wa baharini, thamani ya forodha hujumlisha nauli ya meli na bima mpaka bandarini. Nauli ilikuwa 900,000 na bima 60,000, hivyo thamani ni 4,560,000 na ushuru 1,140,000, kama hati ya forodha inavyoonyesha. Wakala wa forodha kukosea hapo ni jambo la kushangaza.

Hesabu kamili ni hii: 4,560,000, ongeza ushuru 1,140,000, tozo nyingine na gharama za bandari 210,000, ada yenu 300,000 na lori 150,000. Jumla 6,360,000. VAT hatukuiweka kwa sababu tumesajiliwa na tunaidai kwenye ritani. Asiyesajiliwa angelazimika kuiingiza. Gawanya kwa 2,400, unapata 2,650.

Lakini zilizofika nzima ni 2,280. Bilauri 120 zilivunjika, karibu zote kwenye makasha ya safu ya chini, yaliyobonyea pembe kwa kubebeshwa vigae vya mteja mwingine. Mpangaji wenu ghalani alisaini idadi hiyo. Fedha zote zilishatumika, kwa hiyo zinabebwa na zile nzima: 6,360,000 kwa 2,280 ni takriban 2,789 kwa bilauri. Tukiuza 2,700 tunapoteza 204,000.

Nanyi mmetuahidi fidia ya 180,000, yaani 1,500 kwa kila iliyovunjika. Hiyo ni bei ya kiwandani. Bilauri iliyovunjika ililipiwa meli, ushuru, ada na lori sawa na ile nzima, haikuvunjikia Guangzhou. Hata tukipokea 180,000 hizo, gharama inabaki 2,711, bado juu ya bei yetu. Fidia halali ni 2,650 mara 120, yaani 318,000. Ikilipwa hiyo, gharama inarudi 2,650.

Tunaomba ndani ya siku 14:

Karatasi iliyosahihishwa, kila malipo ya bandari yakiwa na stakabadhi yake, maana 210,000 mmeiweka kwa mkupuo. Na fidia ya 318,000. Ankara ya 240,000 tutailipa, kwa kuwa ushuru huo ni halali, ila mfute faini ya kuchelewa mliyoambatanisha. Mkikubali, kateni 240,000 kwenye fidia na mtulipe 78,000 iliyobaki.

Nakala za hati ya forodha, picha za makasha na fomu ya kuhesabia tumeambatanisha.

Wenu,
Idara ya Manunuzi