Barua kwa mwanangu: N iliyogeuka na kijiti cha A

Marahaba mwanangu,

Picha ya kibao chako cha lino ulichochonga na kadi ya kwanza uliyoichapa nacho, uliyonitumia wasap jana usiku, nimeiona, nimeikuza mpaka mwisho wa simu halafu nikavaa miwani nikaiangalia tena. SHUKRANI yako N imegeuka, A imekatika kile kijiti cha katikati, na we umeniandikia "mama nimeharibu, nataka kutupa". Usitupe. Kadi 80 za kamati bado zinawezekana na hicho hicho kibao, ila soma hii mpaka mwisho kabla hujashika patasi tena.

Mimi kwanza niliangalia zile herufi nyingine. S imetoka sawa, K sawa, R sawa, na neno linaanzia kushoto kama inavyotakiwa. Kwenye kibao neno linachongwa kinyume ili kadi isomeke sawa, na karatasi ndo inayoligeuza, kwaiyo hapo nikajua hukukosea kugeuza karatasi, maana ungekosea hapo neno zima lingetoka kinyume, lingeanza na I na kuishia na S iliyoangalia kwingine. Likiharibika neno zima kosa ni la karatasi. Ikiharibika herufi moja tu, basi karatasi ilifanya kazi yake vizuri na baadae mkono wako ndo ukaingilia. Nahisi penseli ilifutika pale chini ya kiganja, N ikafifia, ukairudishia kwa kichwa, na kichwa kikakupa N ya kawaida uliyoizoea toka chekechea. Si ndivyo ilivyokuwa?

Na N ndo mtego wenyewe kwenye hili neno. H, U, A na I hata ukizigeuza zinabaki vile vile, hizo haziwezi kukusumbua. K na R zikigeuka zinaonekana za ajabu kabisa, mgongo uko kulia na mikono inaangalia kushoto, kwaiyo jicho linashtuka na wewe unakuwa makini. Lakini N ni miguu miwili iliyosimama na mshazari mmoja, ukiigeuza bado inafanana na N, jicho linapita tu. Kwenye kibao mshazari wa N unatakiwa uanzie juu kulia ushuke chini kushoto. S nayo ina tabia hiyo hiyo, na Z pia. Mi kabla sijaanza kuchonga neno lolote natafuta hizo tatu kwanza nazitia nukta ndogo ya kalamu nyekundu, nikifika hapo nasimama naangalia karatasi sio kichwa changu.

Maana kichwa usikiamini kabisa kwenye kugeuza. Acha karatasi igeuze. Andika neno lako vizuri, linasomeka kawaida, kwenye karatasi nyembamba inayoonyesha upande wa pili, kwa penseli laini kama 6B. Ilaze kifudifudi juu ya lino, ibane na selotepu upande wa juu, sugua mgongoni kwa kijiko. Ukifunua, neno liko pale limeshageuka lenyewe. Ni mara moja tu, usigeuze mara mbili. Watu wengi wanageuza kwanza kwenye simu au kompyuta, halafu wanailaza karatasi kifudifudi, kwaiyo inarudi kuwa sawa na kwenye kadi inatoka kinyume. Hata ukitumia fotokopi na asitoni ni hivo hivo, inalazwa kifudifudi, kwaiyo steshenari waambie wakutolee ya kawaida.

Ikishahamia, hapo hapo pitia juu yake kwa maka isiyofutika, nyembamba, ndo ile penseli haitaliwa tena na kiganja. Halafu wino mweusi kidogo uliochanganywa na maji mengi paka juu ya lino yote kwa kitambaa, yaani iwe kama chai ya rangi, maka bado inaonekana. Ukichonga, palipotoka panang'aa rangi ya lino na palipobaki pameiva, unaona herufi yako inavyozaliwa bila kubahatisha.

Na kuna kipimo ambacho nataka ukifanye kila mara. Ukishachonga mstari wa kuzunguka herufi zote, kabla hujaondoa nyama ya pembeni, laza karatasi nyembamba juu ya kibao na isugue kwa ubavu wa penseli. Herufi zitajitokeza nyeusi, zimegeuka. Sasa inua karatasi, igeuze, ishike dirishani uisome kwa nyuma. Unachokisoma hapo ndicho kadi itakachosoma. Mimi niliwahi kuchapa kadi 40 za harusi ya watu, jina la bibi harusi lina Z, nimegundua wakati nazianika kwenye kamba. Niliumia sana, nikanunua karatasi nyingine kwa hela yangu, na tangu siku hiyo sijawahi kuruka hatua ya dirishani.

Sasa kijiti cha A. Huko Njombe mwezi huu wa saba ni baridi, na lino ni mafuta ya kitani yaliyogandishwa na unga wa koki, ile ya vizibo vya chupa, juu ya kitambaa cha juti. Ikipoa inakuwa ngumu, unasukuma patasi kwa nguvu, haiendi, haiendi, halafu inaruka ghafla na kupita na kijiti. Hapa Bagamoyo mi nachonga mchana, lino iko laini kama jibini sina habari. We jaza maji moto kwenye chupa, izungushie kanga, ilaze juu ya kibao dakika 10, chonga, ikipoa rudia. Kama ina vumbi vumbi na inameguka hata ikiwa na joto basi hiyo ni ya zamani, mafuta yamekauka, haifai kwa herufi nyembamba, itumie kwa maumbo makubwa.

Lakini baridi peke yake haivunji kijiti. Nimeikuza picha yako nikaona pale kilipokatika ukuta umeingia ndani, yaani juu ni pana chini pamebaki pembamba kama uyoga. Kijiti cha hivyo hata usipokigusa kitakatika siku ya kuchapa, rola ya wino ikipita tu. Kinatakiwa kiwe kama kichuguu, juu chembamba na chini kimetanuka kimeshika ardhi. Na hiyo inatokana na mpini wa patasi au kisu chako. Mpini ukilala upande wa nje, ncha inaingia chini ya herufi na kuila mizizi. Mpini ulalie juu ya herufi yenyewe kidogo, ncha ielekee nje, ukuta unatoka na mteremko. Ukimaliza kigonge kijiti na kucha taratibu, kikiyumba hata kidogo ujue chini pameliwa.

Halafu mpangilio. Nafikiri ulianza kusafisha nje ya A, ukamalizia na tundu la ndani. Fanya kinyume chake. Lile tundu la pembetatu juu ya kijiti lichonge la kwanza kabisa wakati pande zote bado zina nyama ya kuegemea. Tumia patasi ndogo ya V, iweke kwenye kona kabisa, isukume kufuata ukingo wa kijiti mpaka katikati tu, simama. Geuza kibao, anzia kona ya pili, zikutane katikati. Ukienda moja kwa moja kutoka kona mpaka kona utaipitiliza na kukata mguu wa A. Likiisha hilo nenda kwenye uwazi wa chini ya kijiti, halafu ndo nje. Na usisukume patasi kukielekea kijiti hata siku moja, pita sambamba nacho au anzia kwake uende mbali. Mkono wa kushoto unakaa nyuma ya ncha, unajua, ila nakuandikia tena kwasababu mi ni mama yako.

Kina pia kimekuponza. Tundu la A umelichimba mpaka nyuzi za juti zinaonekana, sasa kijiti kingeshika wapi? Tundu dogo kama hilo milimita 1 inatosha kabisa maana rola haiwezi kuzama kwenye nafasi nyembamba. Sehemu pana za nje ndo zinahitaji kina, nusu ya unene au zaidi kidogo, kwasababu huko rola inazama na kuacha madoa. Na kijiti chenyewe kwa sasa usikifanye chembamba chini ya milimita 1.5, mkono ukizoea utashuka.

Kama kile kijiti ungekiweka ningekwambia kibandike na supaglu, mi nimeshabandika vingi na vikachapa mamia. Ila umesema umekitupa. Sasa angalia bahati, A na N kwenye SHUKRANI zimekaa jirani. Kwaiyo tutakata kiraka kimoja. Chukua rula ya chuma na kisu kipya, kata mstatili unaozibeba hizo mbili, upite katikati ya nafasi kati ya R na A, na katikati ya nafasi kati ya N na I, uache mizizi ya jirani, kata mpaka utoboe juti. Kile kipande ulichokitoa kitumie kama kipimo, kata kingine sawa sawa kwenye lino mpya yenye unene ule ule. Bandika kibao chote kwenye plaiwudi na gundi ya mbao, tumbukiza kiraka. Kabla gundi haijakauka pitisha kidole, kiraka kikiwa juu au chini ya wenzake utakisikia, na kikiwa chini bandika karatasi nyuma yake kukiinua, halafu weka vitabu vizito juu yake usiku kucha. Asubuhi ndo uhamishe A na N kwa ile karatasi yako ya mwanzo, ukiilinganisha na R na I zilizopo. Mipaka ya kiraka iko kwenye nafasi kati ya herufi, na hizo zinachongwa zote, kwaiyo kwenye kadi hakuna atakayeona.

Lino nimekukatia vipande viwili, kimoja cha kiraka na kingine cha kujaribia, unene nimepima ni ule ule milimita 3 na kidogo kama uliyoondoka nayo. Baba yako anaenda Dar kesho, ataviweka kwenye basi la Njombe, nitakutumia namba ya konda. Viko kati ya makadibodi mawili, usivikunje wala usivikunjue kwa haraka kabla havijapata joto.

Ukishachonga ile mistari ya kuzunguka, sugua karatasi, shika dirishani, nipigie picha ya nyuma yake kabla hujaondoa nyama. Naisubiri.

Mama yako