Kwa Mkurugenzi wa Elimu wa Jimbo la Katanga ya Juu: dakika 45 kwa watoto wasioweza kusoma

Lubumbashi

Bwana Mkurugenzi,

Sisi walimu wa darasa la tatu katika mitaa ya Katuba na Kenya hapa Lubumbashi tunakuandikia kuhusu watoto wanaotoka darasa la pili bila kuweza kusoma sentensi fupi ya Kiswahili, ilhali Kifaransa kinawangoja mbele. Kuwarudisha darasa hakuwasaidii, kwa sababu watakutana tena na kitabu kilekile walichokwisha kukariri.

Tunaomba kwanza kila mtoto apimwe peke yake, kwa karatasi yenye silabi, maneno, sentensi chache na hadithi fupi asiyoijua. Mvulana mmoja alitusomea "Mama anapika bukari" bila kusita, lakini alipotamka neno la mwisho kidole chake kilikuwa bado kwenye "Mama". Tulipomwandikia "Kaka anabeba maji", alitambua "ka" na "ma", akashindwa kuunganisha yaliyobaki. Huyo yuko ngazi ya silabi, hata kama buletini yake inasema amefaulu.

Programu ianze wiki ya tatu ya Septemba na kudumu wiki kumi, Jumatatu hadi Alhamisi, katika dakika 45 za kwanza za kila zamu, mahali pa somo la kawaida la lugha. Madarasa yote ya tatu yaanze kwa pamoja, ili watoto wagawanywe vyumbani kwa ngazi zao. Baada ya masomo haiwezekani, kwani chumba cha asubuhi huwa tayari kinasubiriwa na zamu ya mchana. Mwalimu asome kwa sauti dakika kumi. Kumi na tano zinazofuata ziende kwenye silabi na maneno, hasa yenye "mb", "nd", "ny" na "ng'", ambako wengi hukwama. Zilizobaki watoto wasome wawili wawili na kuandika. Kundi la silabi lisizidi watoto 20 na lipewe mwalimu hodari kuliko wote, ambaye kwa desturi yetu hupelekwa darasa la sita kwa ajili ya mtihani wa mwisho.

Upimaji urudiwe wiki ya tano na ya kumi kwa hadithi mpya, na mpimaji awe mwalimu wa kundi lingine, maana aliyefundisha humsaidia mtoto kwa midomo bila kujua. Ufanyike wakati mvua haipigi mabati, kwani ikipiga hakuna anayesikia tofauti ya "pa" na "ba". Wastani wa darasa hautoshi, kwa kuwa huweza kupandishwa na wanaosoma tayari. Tuhesabu ni wangapi wametoka ngazi ya silabi, kisha tuwapime tena mwezi Machi. Asiyesogea hadi wiki ya tano, ingawa anahudhuria vizuri, akaguliwe kwanza macho na masikio.

Tunachohitaji kwako ni barua inayoruhusu mabadiliko haya ya ratiba katika shule chache za majaribio, na nakala yake kwa wakaguzi, kwa sababu bila hiyo mwalimu atakayekutwa nje ya ratiba rasmi ataandikiwa kosa.

Kwa heshima,
Walimu wa darasa la tatu, Katuba na Kenya