YAH: Malalamiko kuhusu cheti cha ulinganifu kilichozuiwa kwa kosa la mkaguzi wenu

Ndugu Mkurugenzi,

Salamu. Naandika kwa heshima, ingawa heshima yenyewe imebaki kidogo.

Kontena langu la mabirika ya umeme limekaa bandarini mpaka siku za bure za kampuni ya meli zimekwisha, na kisa ni herufi moja. Modeli ni KT-18D. Ndivyo inavyosomeka kwenye ripoti ya maabara, kwenye ankara na kwenye kibandiko kilicho chini ya kila birika. Mkaguzi wenu aliyekwenda kiwandani aliandika KT-180. Ofisi yenu ikaweka ripoti yake kando ya ile ya maabara, ikaona modeli mbili, ikazuia cheti.

Mzigo wenyewe hauna doa. Kati ya mabirika 1,200 mkaguzi alichagua 80, kama ISO 2859-1 inavyotaka kwa ukaguzi wa kawaida. Kwa kiwango cha 2.5 mlichotumia, kasoro 5 zinakubalika na ya 6 ndiyo inayokataza. Alikuta 2, zote mikwaruzo. Maabara nayo ilikuwa imeshapima kwa IEC 60335-2-15, pamoja na lile jaribio la kuwasha birika tupu kuona kama litajizima. Hakuna aliyeandika popote kwamba bidhaa hazifai.

Nilikuja dirishani kwenu na ripoti yenu wenyewe mkononi. Nikamwonyesha afisa ukurasa wa picha alizopiga mkaguzi wenu: kibandiko kimejaa fremu nzima, KT-18D, 220–240 V. Hakuinua macho. Akasema, "Mfumo unasema modeli hazilingani, omba ukaguzi upya." Ukaguzi upya wa nini, Ndugu Mkurugenzi? Kontena lilikuwa limeshapigwa lakiri na meli iko baharini.

Na hilo la meli msinirushie. Mkaguzi ndiye aliyesimamia upakiaji na kuandika namba ya lakiri. Taarifa ya kuzuia cheti mliiweka kwenye akaunti ya muuzaji peke yake, baada ya meli kung'oa nanga. Mimi ninayelipa nilisikia kwa wakala wangu wa forodha, alipojaribu kuwasilisha tamko mapema na likakataliwa kwa kukosa namba ya cheti. Maana nzima ya kukagua huko mzigo unakotoka ni ili karatasi ziishe wakati meli inasafiri, kontena likishuka litoke. Sasa naambiwa lifunguliwe bandarini, sampuli zichukuliwe upya, zipelekwe maabara zikapange foleni kupimwa kile kilichokwisha kupimwa. Tozo ya kontena inatembea, ya hifadhi ya bandari inatembea, Jumapili haijui wala sikukuu.

Narudi dirishani, kwa sababu sijamaliza. Nilipomwomba afisa aangalie picha tu, aligeuza skrini nisiione. Nikamwambia, "Dada, hii ni herufi D, si sifuri, na picha ni yenu." Watu waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni walisikia jibu lake: "Kama una haraka ungeagiza mapema." Kisha akaita anayefuata. Ripoti yangu aliisukuma nje ya dirisha kwa kalamu. Kwa kalamu! Kama vile ina uchafu.

Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu ukaguzi wa kabla ya usafirishaji unatoa siku 5 za kazi baada ya ukaguzi kukamilika na hati za mwisho kupokelewa: ama ripoti safi itolewe, ama maelezo ya kina kwa maandishi. Mimi sijapata hiki wala kile. Nimepata kalamu.

Nataka ripoti ya mkaguzi isahihishwe na cheti kitoke leo, bila ukaguzi upya. Kazi hiyo ni ya dakika chache kwa mtu aliye tayari kutazama picha. Nataka pia ada ya ukaguzi irudi. Na kwa kuwa kila ninapoandika sentensi tozo zinaongezeka, nataka tozo zote za kontena na hifadhi, tangu siku za bure zilipoisha hadi kontena litakapotoka, zilipwe na ninyi.

Malalamiko haya yasipelekwe kwa afisa yule yule wala kwa mkaguzi yule yule. ISO/IEC 17020, ambayo ithibati yenu imesimama juu yake, inataka uamuzi ufanywe, au upitiwe na kuidhinishwa, na mtu asiyehusika na kazi inayolalamikiwa. Nisipopata cheti na jibu lenye saini kufikia Ijumaa saa sita mchana, nakala ya barua hii, pamoja na ukurasa ule wa picha, itakwenda kwa mamlaka ya viwango iliyowapa mkataba na kwa chombo kilichowapa ithibati. Wakili wangu tayari anazo zote mbili.

Wenu,
Mwagizaji wa mzigo
(jina, saini na namba ya maombi vimeambatishwa)