Kabla hujatuma arubuni China, isome skrinshoti mara mbili

Wateja wetu wa Kariakoo wanaoagiza mzigo Guangzhou hutuletea skrinshoti za WeChat tuwatafsirie. Tunafanya hivyo kwa moyo mmoja, ila nyingi ungeweza kuzisoma mwenyewe kwa simu uliyonayo, bila kupakua chochote.

Kwenye Android, fungua skrinshoti ndani ya Google Photos, gusa Lens, kisha chagua kutafsiri na uweke Kiswahili. Maneno ya Kichina yatafunikwa na ya Kiswahili palepale kwenye picha. Kwenye iPhone, kuanzia XS, fungua picha katika Photos, bonyeza maandishi na uyashikilie mpaka yawekewe rangi, halafu chagua Translate. Tafsiri ya Apple haina Kiswahili, kwa hiyo utasomea Kiingereza.

Picha ikipita WhatsApp hupunguzwa ubora, na herufi za Kichina zenye vistari vingi zikififia simu husoma herufi nyingine kabisa. Ukiona sentensi haina kichwa wala miguu, mwombe muuzaji akutumie picha kama dokumenti, au kuza maandishi kwanza ndipo upige skrinshoti.

Linalotuumiza zaidi ni tafsiri inayosomeka vizuri huku imeficha jambo. Dada mmoja muuza mikoba aliagiza mzigo wa yuani 15,000. Muuzaji alimwandikia hivi:

定金3000元

Simu ikamwambia "amana yuani 3,000". Akatuma. Wiki iliyofuata alighairi, akadai pesa yake, akanyimwa. Alikuja kwetu akiamini ametapeliwa, na ilituuma kumwambia kwamba muuzaji alikuwa na haki.

Wachina wana maneno mawili yanayotamkwa sawa, *dingjin*, na simu huweza kuyatafsiri yote "amana". 定金 ni arubuni hasa: mnunuzi akivunja mkataba inapotea, na muuzaji akivunja anairudisha mara mbili. Sheria yao inaruhusu arubuni isiyozidi 20% ya thamani ya mkataba, na 3,000 kwa 15,000 ni 20% kamili. 订金 ni malipo ya awali tu. Biashara isipofanyika, kwa kawaida hurudishwa, labda mwe mmekubaliana vinginevyo.

Kwa hiyo ukikutana na "amana" au "deposit", ondoa tafsiri, rudi kwenye skrinshoti yenyewe na utazame herufi ya kwanza. 定 ina kitu kama paa juu yake. 订 haina paa. Imegawanyika kushoto na kulia, na upande wa kulia unafanana na T yenye mkia uliopinda. Ukiona paa, usitume hata yuani moja kama bado unasitasita kuhusu rangi, saizi au idadi. Mwombe muuzaji aandike 订金 pamoja na 可退, yaani "inarudishwa", kisha piga skrinshoti ya jibu lake na uitunze hadi mzigo ufike.

Herufi zikikuchanganya, tuletee skrinshoti ya asili, siyo ile iliyokwisha tafsiriwa, kwa sababu paa tunalolitafuta huwa limeshafunikwa.